Kabla ya wasifu, niambie nani kakutuma

Ujumbe uliingia Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, akiwa kikaoni na simu ameilaza kifudifudi mezani. Alipoigeuza alikuta haya: "Shikamoo dada. Nina nafasi nyeti ya Mkuu wa Fedha kwa mteja wetu mkubwa hapa Dar. Nimesikia sifa zako kwa watu. Naomba sivii yako leo leo, mteja ana haraka." Chini yake kulikuwa na jina la kijana, jina la kampuni ya kutafuta watendaji na anuani ya ofisi iliyoko Masaki.

Dada huyu ni rafiki yangu wa siku nyingi, mhasibu aliyeidhinishwa na naibu wa mkuu wa fedha katika benki moja jijini. Jioni alinipigia. Hakuuliza kama kazi ni nzuri wala mshahara utakuwa kiasi gani. Aliuliza neno moja tu: "Nitume?" Nikamwambia asitume kitu, asimkatae kijana wa watu, aje nyumbani tukae tuandike jibu.

Alinipigia mimi kwa sababu niliwahi kuifanya kazi hiyo. Kwa miaka saba nilikuwa mtafiti katika ofisi moja ya watafuta watendaji, wale ambao mjini tunawaita mahedihanta. Mimi ndiye niliyekuwa natengeneza orodha ndefu, majina sitini hadi themanini ya watu wanaoweza kuishika nafasi fulani, na mimi ndiye niliyekuwa nikipokea wasifu wao. Najua huo wasifu hulala wapi, nani huufungua usiku, na unavyoweza kuondoka ofisini bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo maneno "mteja ana haraka" hunifanya niulize kwanza huyo anayeharakishwa analipwaje.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mtafuta watendaji hulipwa na mwajiri, halipwi na anayetafutwa, na kuna namna mbili za kumlipa. Ya kwanza ni pale mwajiri anapompa kazi peke yake kwa mkataba, na kumlipa kwa awamu. Kwa desturi ada huwa karibu theluthi moja ya malipo ya mwaka wa kwanza ya atakayeajiriwa, na hugawanywa mara tatu: kazi ikianza, orodha fupi ikiwasilishwa, na mtu akishakubali. Chukua mkuu wa fedha anayelipwa shilingi milioni 20 kwa mwezi. Mwaka ni milioni 240, ada ni milioni 80, na kila awamu ni milioni 26 na ushei. Mshauri aliyekwisha kulipwa awamu ya kwanza hana sababu ya kukimbia. Analindwa na mkataba wake, na heshima yake iko kwenye ubora wa majina manne au matano atakayoyapeleka.

Namna ya pili ni ya kulipwa mtu akishaajiriwa, basi. Mwajiri hugawa kazi ileile kwa mawakala watatu au wanne, na atakayemleta mtu akaajiriwa ndiye anayechukua ada. Wengine wameshinda njaa. Katika mbio hizo kuna kanuni isiyoandikwa ukutani lakini kila wakala anaijua: aliyetangulia kupeleka wasifu wako ndiye "mwenye" wewe. Ndiyo maana anautaka leo leo. Hajausoma na pengine hatausoma. Anauwahisha ili jina lako liingie kwenye barua yake kabla ya barua ya mwenzake. Wasifu wako ukifika kwa mwajiri mmoja kupitia mikono miwili, mwajiri anaona ugomvi wa ada unakuja, na njia rahisi ya kuukwepa ni kukuweka pembeni. Umekosa kazi ambayo hukujua hata kama umeiomba.

Siwalaumu mawakala wa namna ya pili. Kwa nafasi za kawaida, wahasibu wadogo, maafisa mauzo, mfumo wao unafanya kazi na watu wengi wamepata riziki kwao. Lakini mtu anayeshika hesabu za benki, anayekaa mezani na kamati ya ukaguzi, hawezi kutembezwa mjini kama mzigo wa mitumba.

Halafu kuna sababu ya tatu ya kuomba wasifu, mbaya kuliko zote, nayo ni pale ambapo kazi haipo. Wakala anataka kwenda kwa benki fulani na kusema, "Nina watu watano wazuri wa fedha mkononi, nipeni kazi." Wewe ndiwe chambo. Jina la kazi litakuwa pana, mteja atakuwa "mkubwa," na ukiuliza nafasi hiyo inaripoti kwa nani utajibiwa kwamba hayo yatajulikana mbele ya safari.

Alipofika nyumbani nilimwomba kwanza anionyeshe wasifu wenyewe. Kurasa tano. Tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, namba ya simu, shule aliyosoma msingi, kila cheo na kila mwaka. Ukurasa wa mwisho, kama wasifu wetu wengi hapa nchini, ulikuwa na wadhamini watatu na namba zao za simu. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi ya benki yake mwenyewe.

Nikacheka, ingawa si jambo la kuchekesha. Nilipokuwa mtafiti nililiona likitokea kwa macho yangu. Kijana mpya ofisini kwetu, mwenye bidii kupita kiasi, alipokea wasifu wa meneja mmoja, akaona wadhamini, akaona simu, akapiga. Alidhani anasaidia. Upande wa pili aliitika bosi wa yule meneja. Mazungumzo hayakuchukua dakika mbili. Meneja yule hakufukuzwa, la hasha. Aliondolewa kwenye orodha ya waliokuwa wanaandaliwa kumrithi bosi, kimyakimya, akakaa miaka miwili mingine akiangaliwa kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Nafasi tuliyokuwa tunaitafutia mtu ilichukuliwa na mwingine. Sisi tuliomba radhi kwa barua. Barua nzuri sana.

Basi tulianza na vitu vidogo. Jibu litoke kwenye barua pepe yake binafsi, si ya benki, kwa sababu mawasiliano ya ofisini ni mali ya ofisi na watu wa mifumo wanaweza kuyasoma. Lisitoke kwenye kompyuta ya ofisi pia. Na lisitumwe kwa WhatsApp, ambako ujumbe mmoja unasukumwa kwa watu wengi kwa kidole gumba. Kijana aliandika kwa simu; yeye angejibu kwa barua pepe, kwa anuani ya kampuni aliyoitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao, si ile iliyokuja na ujumbe. Kwa njia hiyo tungejua pia kama kijana huyo yupo kweli pale.

Tukaandika, tukafuta, tukaandika. Jibu lililotoka ni hili. Yeye alilipeleka kwa Kiingereza, kama barua nyingi za mabenki zinavyokwenda. Hapa naliweka kwa lugha tuliyolifikiria.

"Ndugu, asante kwa ujumbe wako wa Jumanne. Nakuandikia kwa siri, na naomba mazungumzo haya yabaki kati yangu na wewe. Sitafuti kazi kwa sasa, lakini niko tayari kusikiliza kama nafasi inaendana na ninachokifanya. Kabla sijatuma wasifu kamili, ningeomba kufahamu mambo machache. Je, kazi hii mmepewa ninyi peke yenu, na kwa mkataba? Mteja ni taasisi ya namna gani: umiliki wake na ukubwa wake kwa makadirio, bila kumtaja jina kama huwezi? Nafasi inaripoti kwa nani, na kwa nini iko wazi? Mmefika hatua gani, na orodha fupi inatakiwa lini? Malipo yako katika kiwango gani? Naomba pia unithibitishie kwamba mteja hana uhusiano wa umiliki na mwajiri wangu wa sasa, na kwamba jina langu halitapelekwa kwa mtu yeyote bila ruhusa yangu ya maandishi kwa kila mteja. Kwa muhtasari: nina zaidi ya miaka 15 katika fedha za mabenki, nimesimamia hesabu za mwaka na taarifa kwa Benki Kuu, na naongoza timu ya watu zaidi ya ishirini. Nitapatikana kwa simu kesho baada ya saa kumi na mbili jioni."

Angalia ambacho hakimo. Hakusema mwajiri wake ni nani, ingawa kijana anajua. Hakutaja mshahara wake. Hakusema anamchukia bosi, wala hakusema anampenda. "Sitafuti kazi kwa sasa" si maringo. Ni kumweka mahali pake. Yeye si mwombaji. Mwombaji hutuma wasifu kwanza na kuuliza baadaye, na ana haki ya kufanya hivyo kwa sababu tangazo limekwisha kumwambia mwajiri ni nani. Huyu hajaona tangazo lolote.

Swali lililotuchukua muda ni lile la jina la mteja. Yeye alitaka kuuliza moja kwa moja: ni benki gani? Nikamwambia hapana, si kwenye barua ya kwanza. Mara nyingi mshauri anaficha jina kwa sababu ya haki kabisa: aliyekalia kiti bado amekalia, hajui kwamba anatafutiwa mrithi, na jina likivuja asubuhi, jioni mji mzima unajua. Mshauri atakayekutajia mteja kwa barua kabla hajakuona uso, kesho atamtajia mwingine jina lako. Kukataa kwake ni dalili nzuri. Unachoweza kuuliza bila kumbana ni swali la kinyume: mteja asiwe fulani. Na katika mji kama Dar es Salaam, ambako wajumbe wa bodi ni walewale wanaokutana harusini, msibani na kwenye bodi ya pili, swali la umiliki lina uzito kuliko jina lenyewe. Benki mbili zinaweza kuwa na majina tofauti na mwanahisa mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nje hawalijui. Kampuni za kutafuta watendaji zenye heshima zina ahadi kwa wateja wao: tukikuletea mtu, hatutakuja kuchukua watu wako kwa muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo mtu wa kampuni hiyo akikupigia, mojawapo ya mambo mawili ni kweli: mwajiri wako si mteja wake, au ahadi imevunjwa. Ya pili ikiwa kweli, umejifunza jambo kubwa kuhusu uaminifu wake kabla hajaona hata ukurasa mmoja wa wasifu wako. Na lipo la tatu, ambalo ni adimu lakini nimelisikia kwa zaidi ya mtu mmoja: unapigiwa simu kuhusu kiti chako mwenyewe. Mwajiri ameagiza atafutwe mrithi wako, akamwagiza wakala mzembe asiyejua nani yuko wapi, naye akakuona mtandaoni unafaa sana. Kazi inaelezwa, nawe unasikiliza, na taratibu unaitambua meza yako.

Kuhusu ruhusa ya maandishi, sheria iko upande wako kuliko watu wanavyodhani. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya wanayo yao ya 2019. Msingi wake ni uleule: anayekusanya taarifa zako lazima akujulishe anazikusanya kwa ajili gani, na hawezi kuzipeleka kwenye shughuli nyingine kwa kujiamulia. Wasifu ni taarifa binafsi tupu. Sikumshauri aitaje sheria kwenye barua. Barua yenye vifungu vya sheria hunuka ugomvi. Maneno "kwa kila mteja" yanatosha. Wakala anayejua kazi yake atayaelewa, na asiyejua atauliza yana maana gani, ndipo utakapojua umekutana na nani.

Jibu lilikuja Alhamisi mchana, na halikutoka kwa kijana. Lilitoka kwa mshauri mkuu wa ofisi, mwanamke, na tayari hilo lilikuwa habari. Kazi ni yao peke yao, kwa mkataba. Mteja ni benki ya ukubwa wa kati yenye wanahisa wa ndani na nje ya nchi, na hana uhusiano wa umiliki na mwajiri wake. Nafasi inaripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji, na ina njia ya moja kwa moja kwenda kamati ya ukaguzi. Aliyepo anastaafu, na anajua kwamba anatafutiwa mrithi. Orodha fupi ilitakiwa baada ya wiki tatu. Kuhusu malipo aliandika kwamba angependa kuzungumza ana kwa ana. Kuhusu ruhusa aliandika sentensi moja: "Hatupeleki jina bila mwenyewe kusema ndiyo, na utaliona kwanza andiko tutakalopeleka."

Rafiki yangu aliona amekwepwa kwenye malipo. Mimi niliona vingine. Mtu ambaye hana kazi mkononi hajui kwa nini aliyepo anaondoka, wala hajui tarehe ya orodha fupi. Hayo mawili ndiyo ninayoyatazama kwanza, kwa sababu ni vigumu kuyatunga na ni rahisi kuyabana: unauliza tena baada ya wiki, kwa maneno mengine, uone kama tarehe imehama na kama sababu imebadilika. Malipo kila mtu huyaficha mwanzoni, hata mkweli, kwa sababu anataka kusikia chako kwanza. Dawa yake ni kutotaja chako. "Niambie bajeti ya mteja, nitakwambia kama tunaendelea" ni jibu la adabu, na halina kosa.

Lile la mwisho, la kuliona andiko, ndilo lililonifanya nimwambie aende. Watu wengi hudhani mteja husoma wasifu wao. Katika kazi iliyotolewa kwa mkataba, mteja husoma ripoti ya mshauri: kurasa mbili tatu zinazoeleza umefanya nini, kwa nini unaweza kuhama, unalipwa nini, na mshauri alikuonaje mlipokaa. Wasifu huambatishwa nyuma. Ndani ya ripoti hiyo ndimo makosa yanamoingia, cheo kikakuzwa au sababu ya kuhama ikaandikwa kwa maneno ambayo hukuyasema, nawe unakuja kuulizwa kwenye usaili huku umeduwaa.

Walikutana Jumamosi kwenye hoteli, mbali na Posta, saa mbili asubuhi. Nilipomuuliza jinsi ilivyokuwa alisema mama yule aliagiza chai ya tangawizi, akamwambia jina la benki baada ya dakika arobaini, na akamwonyesha karatasi ya majukumu bila kumwachia. Jumapili usiku alituma wasifu. Kurasa tatu. Tarehe ya kuzaliwa ilitoka, shule ya msingi ilitoka, na mahali pa wadhamini paliandikwa kwamba watatajwa ofa ikishatolewa. Faili alilibadilisha jina pia; lilikuwa linaitwa kwa jina lake na neno "kuhama," jambo ambalo hakuwa ameligundua kwa mwaka mzima.

Wiki ya pili walimwomba wadhamini. Alijibu kwa upole kwamba wa sasa hawezi, akatoa wawili wa zamani, mmoja aliyekwisha kustaafu. Walikubali. Wakimbana mtu hapo, namwambia awakumbushe hali halisi ya mabenki: Benki Kuu nayo huwapima watendaji wakuu kabla hawajathibitishwa, na notisi ya mtu wa ngazi hiyo mara nyingi ni miezi mitatu. Muda wa kumpigia bosi simu utakuwepo tele.

Alifika kwenye wawili wa mwisho, akachaguliwa mwenzake aliyewahi kuongoza uunganishaji wa benki mbili. Mshauri alimpigia mwenyewe kumweleza, Ijumaa jioni, na hakuzunguka. Jumatatu saa tatu rafiki yangu alikuwa kwenye kikao cha mizania, simu kifudifudi, na bosi wake akamkabidhi bajeti ya nusu mwaka aisimamie. Hakuna aliyejua.

Miezi kumi na minne baadaye ujumbe mwingine uliingia, kwa barua pepe yake binafsi, kutoka kwa mama yuleyule. Haukuomba wasifu. Ulianza hivi: "Kazi ni yetu peke yetu. Mteja ni kampuni ya bima, haihusiani na mwajiri wako. Nafasi ni mpya. Orodha fupi ni tarehe 30. Tuzungumze?"